Kugeuza handikapu kuwa odi ya ushindi, na odi kuwa handikapu

Mechi ya NBA inakuja na bei mbili zinazohusu jambo lilelile. Tuseme timu ya nyumbani imepewa handikapu ya −6.5, na odi ni 1.91 kwa kila upande. Kwenye soko la mshindi wa mechi, timu hiyohiyo ina odi ya 1.38 na wageni wana 3.10. Je, bei hizo zinakubaliana, au mojawapo imekaa vibaya? Kuziangalia tu kwa macho hakutoshi. Inabidi uigeuze moja iwe katika lugha ya nyingine, na kinachowezesha hilo ni namba moja ambayo kampuni ya kubashiri haikuandikii popote: mtawanyiko wa tofauti za pointi.

Handikapu ya −6.5 yenye odi sawa pande zote inasema kwamba timu ya nyumbani ina nusu ya nafasi ya kushinda kwa pointi 7 au zaidi. Ni katikati ya matokeo yanayotarajiwa, basi. Haisemi matokeo yatatapakaa umbali gani kutoka hapo katikati. Timu inayotarajiwa kushinda kwa 6 au 7 inaweza kushinda kwa 25, na inaweza kufungwa kwa 10. Nafasi yake ya kushinda mechi ni sehemu ya matokeo yote iliyo juu ya sifuri. Matokeo yakiwa yamebanana karibu na 6.5, ni machache yatakayoanguka chini ya sifuri. Yakitapakaa sana, ni mengi.

Ukichora tofauti za pointi za mechi nyingi za kikapu, unapata umbo la kengele lililo karibu sana na lile la vitabu vya takwimu. Kwa hiyo kipimo cha mtawanyiko tunachotumia ni kile kiitwacho mchepuko sanifu. Kwa NBA, ukipima umbali wa matokeo kutoka kwenye handikapu, mchepuko huo huwa karibu na pointi 12 au 13. Maana yake ni kwamba takriban mechi mbili kati ya tatu huishia ndani ya pointi 12 au 13 za handikapu, juu au chini. Umbali huo si mdogo. Katika mechi yetu, ni kuanzia kufungwa kwa 6 hadi kushinda kwa 19.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya handikapu kwa mtawanyiko, kisha uulize jedwali la kengele ni sehemu gani iko chini ya namba hiyo. Kwenye Excel au Google Sheets, handikapu ya 6.5 na mtawanyiko wa 12 zinaandikwa hivi:

```
=NORM.S.DIST(6.5/12, TRUE)
```

Jibu ni 0.706, yaani asilimia 70.6. Gawanya 1 kwa 0.706 upate odi ya haki, isiyo na faida ya kampuni: 1.42. Kwa wageni ni 1 gawanya kwa 0.294, yaani 3.40. Ukikutana na bei za Kimarekani, gawanya uwezekano wa anayependelewa kwa uwezekano wa mpinzani, zidisha kwa 100, weka alama ya kutoa mbele: hapa ni −240. Namba hiyo inasema unaweka dola 240 ili upate faida ya dola 100.

Sasa turudi upande wa pili, na hapa watu wengi huteleza. Odi ya 1.38 haimaanishi uwezekano wa 1 gawanya kwa 1.38. Fanya hesabu hiyo kwa pande zote mbili: 1/1.38 ni 0.725, na 1/3.10 ni 0.323. Jumla ni 1.047, ilhali uwezekano wa mambo mawili ambayo lazima moja litokee haupiti 1. Ile 0.047 ya ziada ni faida ya kampuni, na isipoondolewa timu inayopendelewa itaonekana na nguvu kuliko ilivyo. Njia rahisi ni kugawanya kila upande kwa jumla: 0.725 gawanya kwa 1.047 ni 0.692. Kisha unaligeuza jedwali kinyume:

```
=12*NORM.S.INV(0.692)
```

Jibu ni pointi 6.0. Soko la handikapu linasema 6.5, soko la mshindi linasema 6.0. Nusu pointi inaonekana kuwa upenyo mzuri, na mwenye haraka angekimbilia kumbashiri mwenyeji ashinde kwa 1.38. Lakini hata hesabu ya kwanza ilishasema odi ya haki ni 1.42, kwa hiyo 1.38 bado ni ghali kwake. Na kuna jambo zito zaidi. Badilisha mtawanyiko kutoka 12 uwe 13, kisha urudie. Handikapu ya 6.5 gawanya kwa 13 ni 0.5, na jedwali linatoa asilimia 69.1, karibu sawa kabisa na ile 69.2 tuliyoipata kutoka kwenye soko la mshindi. Ule upenyo wote umetoweka. Haukuwa upenyo wa bei hata kidogo. Masoko mawili yalikuwa yanakubaliana, na wewe ndiye uliyetumia mtawanyiko tofauti na wao.

Ndiyo maana mimi huanza na swali la mtawanyiko kabla ya jingine lolote. Kuna namba tatu: handikapu, uwezekano wa kushinda na mtawanyiko. Ukiwa na mbili, ya tatu inajitokeza. Chukua mechi ambazo kampuni imeweka bei zote mbili, toa faida yake, kisha gawanya handikapu kwa namba inayotoka kwenye NORM.S.INV. Kwa mechi yetu, 6.5 gawanya kwa 0.5 ni 13. Fanya hivyo kwa mechi za wiki nzima zenye handikapu kati ya 4 na 10, chukua wastani, na utajua soko linatumia mtawanyiko gani. Mechi moja iliyo mbali na wastani huo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini.

Kabla ya kugeuza, hakikisha pia kwamba handikapu iko katikati kweli. Odi zikiwa 1.83 kwa mwenyeji wa −6.5 na 2.00 kwa mgeni, kampuni haiamini 6.5, inaamini zaidi kidogo. Ukitoa faida yake, uwezekano wa mwenyeji kuvuka 6.5 ni 0.522. Zidisha 13 kwa NORM.S.INV(0.522) upate 0.7, ujumlishe na 6.5. Katikati halisi ni 7.2, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu.

Ukitaka kupima mtawanyiko mwenyewe kutokana na matokeo, pima kutoka kwenye handikapu, si kutoka sifuri. Mwenyeji aliyepewa −6.5 akashinda kwa 14 anaandikiwa 7.5. Akifungwa kwa 3 anaandikiwa −9.5. Zidisha kila namba kwa yenyewe, chukua wastani, kisha kipeuo cha pili. Anayepima tofauti za pointi zikiwa mbichi anachanganya mambo mawili, yaani bahati ya siku na tofauti ya nguvu kati ya timu na timu, na anapata namba kubwa mno. Namba hiyo ikiingia kwenye hesabu, kila anayependelewa ataonekana dhaifu na kila mnyonge ataonekana ameuzwa kwa bei ya kutupa. Ukiona jedwali lako linakuambia ubashiri wanyonge kila usiku, kagua hapo kwanza.

Idadi ya mechi nayo ina uzito. Msimu wa kawaida wa NBA una mechi 1,230, na kwa idadi hiyo kipimo chako kinaweza kukosea kwa takriban robo pointi. Kwa mechi 50, kosa linafika zaidi ya pointi moja, yaani tofauti yote kati ya 12 na 13 tuliyoona ikibadilisha jibu. Wala usiazime mtawanyiko wa mchezo mwingine: Hal Stern, katika makala aliyochapisha mwaka 1991 kuhusu NFL, alipata karibu 14, na hiyo ni ya mpira wa Kimarekani.

Umbo la kengele lina mahali pawili linapopinda. Pa kwanza ni karibu na sifuri. Kikapu hakina sare. Timu zikilingana, dakika za nyongeza huchezwa hadi mmoja ashinde. Kwa hiyo kuvuka handikapu ya −0.5 ni kushinda mechi tu, hakuna zaidi. Odi zikiwa sawa hapo, uwezekano ni asilimia 50 kamili, lakini hesabu yetu inatoa 51.5, kwa sababu kengele inadhani matokeo ya sifuri yapo. Kwa handikapu chini ya 3 hivi, achana na ubadilishaji, soma soko la mshindi moja kwa moja.

Pa pili ni kwenye handikapu kubwa. Kocha anayeongoza kwa 22 robo ya nne huwapumzisha wachezaji wake wakuu, na mwisho wa mechi unachezwa na watu wengine kabisa. Isitoshe, jinsi unavyotoa faida ya kampuni huanza kuamua jibu. Chukua odi za 1.10 na 7.00. Ukigawanya kwa jumla kama tulivyofanya, anayependelewa anabaki na 0.864, na kwa mtawanyiko wa 13 hiyo ni handikapu ya 14.3. Ukitoa faida kwa kiasi sawa kila upande, anabaki na 0.883, na handikapu inakuwa 15.5. Kampuni kwa kawaida humbebesha mnyonge sehemu kubwa ya faida, ndiyo maana jibu la pili huwa karibu zaidi na soko la handikapu. Vyovyote iwavyo, usijenge dau juu ya pointi moja iliyotokana na kuchagua njia ya kugawanya.

Kwa mechi za sheria za FIBA, kama zile za Ligi ya Kikapu ya Afrika iliyoanzia Kigali mwaka 2021, muda ni dakika 40, si 48 za NBA. Mtawanyiko hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, hivyo 13 ya NBA inashuka hadi karibu 12, kabla ya kuhesabu kasi ya mchezo ambayo nayo hutofautiana. Mechi za msimu mmoja ni chache mno kukupa kipimo chako mwenyewe. Fanya hesabu mara mbili, kwa 11 na kwa 13. Handikapu ya −5.5 inakupa odi ya haki ya 1.45 kwa namba ya kwanza na 1.51 kwa ya pili. Ukikuta soko la mshindi linatoa 1.48, huna la kufanya. Ukikuta 1.60, hapo kuna kitu cha kuchunguza, ukianzia na orodha ya majeruhi.