Piko Iliyomgeuka Sauda

Wadogo zangu, habari za mawifi na wachumba wasiopokea simu zitasubiri. Msimu wa harusi umeingia, mikono yenu inataka kupambwa, na leo nataka tuzungumze kuhusu piko.

Kuna binti wa hapa Dar es Salaam, ana miaka 23. Nitamwita Sauda, ingawa si jina lake. Dada yake aliolewa Ijumaa. Jumatano walikaa nyumbani wakapakwa piko, yeye mikono yote miwili hadi karibu na viwiko, maua na majani, nyeusi ti. Siku ya shughuli mikono ikaanza kuwasha. Jumapili ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge yenye maji. Nyumbani kila mtu akawa daktari: huyu anasema sugua limau, yule anasema paka dawa ya meno. Jumatatu Sauda akaingia famasi moja Kariakoo kuomba krimu ya aleji.

Mfamasia, mama wa makamo, hakugusa rafu. Alimwambia aweke mikono juu ya kaunta.

"Umepaka nini, mwanangu?"

"Nadhani ni singo, mama. Au ile sabuni mpya."

"Singo umejisugua mwili mzima. Mbona tumbo haliwashi? Hebu tazama hapa."

Sauda akatazama. Malengelenge yalikuwa yamefuata mchoro. Ua lilikuwa limeinuka petali kwa petali, na katikati ya petali ngozi ilikuwa laini kama kawaida. Viganjani, ambako ngozi ni nene, hali haikuwa mbaya sana. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta: kama kidonda kina umbo la kitu ulichopaka, umeshampata mwizi.

Sauda akabisha, kama ambavyo nanyi mngebisha. Piko amepaka tangu yuko sekondari, na hajawahi kuwashwa. Mfamasia akamwambia hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Weusi ule hautoki kwenye majani ya mhina. Unatokana na rangi ya nywele ya kiwandani, na kemikali yake kuu huandikwa p-phenylenediamine, au kwa kifupi PPD. Mara za mwanzo mwili unaweza kuipokea kimya, huku kinga yako ikiikariri. Ikishaikariri, siku utakayoipaka tena mwili unaishambulia. Na haushambulii palepale. Huchukua siku moja hadi tatu, ndiyo maana wengi humtuhumu samaki waliyekula jana na kuisahau piko ya juzi.

Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu PPD izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na kuchora nayo mwilini haziruhusu kabisa. Sasa fikiria unga unaokorogwa na maji kwenye kibakuli sebuleni, kwa kukadiria kwa macho, kisha ukaachwa ukauke juu ya ngozi. Nani anajua umewekwa kiasi gani?

Kuhusu dawa, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mikono ya kila mtu ina hali yake. Mfamasia alimwambia aioshe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, aweke kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, na asipasue malengelenge. Alimpa setirizini ya kupunguza muwasho usiku. Ile krimu ya bomba moja yenye dawa tatu ndani, ya uvimbe, ya fangasi na ya bakteria, ambayo Sauda alikuwa ameshaikodolea macho, akamkatalia. Fangasi hakuwa nao, na baadhi ya krimu hizo zina neomaisini, ambayo nayo huwaletea watu aleji. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ingefaa kwa muwasho mdogo, ila kwa malengelenge kama yale akamwelekeza kliniki ya ngozi siku hiyohiyo, apewe steroidi yenye nguvu zaidi na kuambiwa ni siku ngapi. Angekuwa amevimba kope au midomo, au kifua kinabana, angemkimbiza hospitali moja kwa moja.

Wiki kadhaa baadaye Sauda alirudi famasi ileile. Ngozi ilikuwa imepona, lakini pale penye mchoro pamebaki weupe, ua zima linaonekana. Alitaka kitu cha kulifuta. Mama akamwambia rangi hurudi yenyewe, japo huweza kuchukua miezi, na kwamba krimu za kuchubua zingemchokoza tena. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha, na kuikinga mikono na jua.

Halafu ndipo lilipoanza somo lenyewe, pale kwenye rafu ya rangi za nywele. Sauda alipenda kuzipaka nywele zake rangi nyeusi, na alidhani tatizo ni la mikono tu. Hapana. Aleji hii iko mwilini mwake, na kwa kawaida haiondoki maishani. Rangi ya nywele yenye PPD ingeweza kumvimbisha kichwa na macho.

Akachukua boksi lililoandikwa halina amonia. Mama akaligeuza upande wa maandishi madogo: PPD hiyo hapo. Amonia ni kitu kingine kabisa. Akachukua la pili, lenye picha ya majani na neno la asili kwa herufi kubwa. PPD tena. La tatu halikuwa na PPD, lakini lilikuwa na toluene-2,5-diamine, ndugu yake wa karibu, na wengi wenye aleji ya moja huwashwa na nyingine. Sauda akapiga picha majina hayo mawili kwa simu. Sasa boksi lisiloonyesha viambato vyake halinunui, hata muuzaji aape.

Jambo lingine ambalo hata mimi lilinishangaza: benzokaini, dawa ya ganzi iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya kumung'unya vya koo na jeli za meno, nayo yaweza kumletea shida mtu mwenye aleji kama ya Sauda. Akienda kwa daktari wa meno anataja aleji yake kabla ya kufungua kinywa.

Hina je? Hina halisi ameruhusiwa, mradi iwe halisi. Unga wake una rangi ya kijani na harufu ya majani makavu. Unakaa mkononi saa nyingi, wengine hulala nao, na ukiutoa rangi inakuwa ya machungwa, kisha inaiva taratibu kuwa nyekundu ya kahawia kwa siku moja au mbili. Ukiambiwa hina hii inatoa weusi baada ya nusu saa, hiyo ni piko iliyobadilishiwa jina.

Wewe ambaye umewahi kuwashwa, usijipime nyumbani kwa kupaka kidogo. Kidogo hicho kinaweza kukulipua. Kliniki ya ngozi hupima kwa kubandika viraka mgongoni na kuvisoma baada ya siku mbili, kisha tena baadaye. Na watoto wachanga msiwapake hata hina halisi: wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao huku kwetu si wachache, damu yao inaweza kuharibika.

Harusi ya binamu yake Sauda iko karibu. Shangazi ananung'unika kwamba nyekundu ni ya kizamani, haitoki vizuri kwenye picha. Sauda amemjibu apake yeye hiyo nyeusi.