Kusoma Swali la Ufadhili Kabla ya Kulijibu

Swali la insha katika fomu ya ufadhili kwa kawaida hubeba mambo mawili: sifa za mtu anayetafutwa, na kazi anayopewa mwombaji. Wengi huziona sifa, wakaanza kujisifu, na kazi ikabaki bila kufanywa.

Mfano mzuri ni Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Moja ya maswali yake huhusu mahusiano ya kikazi. Kwa miaka kadhaa limemtaka mwombaji aeleze jinsi anavyojenga na kudumisha mahusiano hayo, atoe mifano ya anavyofanya hivyo kwa sasa, kisha aonyeshe atakavyoutumia uwezo huo baadaye.

Vitenzi ndivyo vya kupigiwa mstari kwanza. Kujenga ni kazi moja na kudumisha ni nyingine, na hii ya pili ndiyo husahaulika zaidi. Tuchukue afisa ugani anayeandika kwamba amehudhuria makongamano na kukutana na wakurugenzi. Hapo ametaja watu tu. Hajasema alivyowafikia wala kinachowaunganisha leo. Jibu lake lingekaa sawa kama angeeleza kwamba baada ya semina alimwandikia mtafiti wa mbegu kuhusu ugonjwa wa mihogo kijijini kwake, na kwamba hadi sasa humpelekea taarifa za mashamba kila msimu, naye mtafiti humpa ushauri anaoufikisha kwa wakulima. Neno "sasa" nalo lina uzito wake: uhusiano uliokufa tangu chuoni haulijibu swali hili, hata kama aliyehusika ni mtu mkubwa.

Sehemu ya "baadaye" haieleweki vizuri mpaka masharti ya ufadhili yasomwe pamoja na swali. Chevening humtaka mnufaika arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kwa hiyo mipango inayoishia kwenye ajira London inapingana na masharti yenyewe, wakati afisa ugani yule akieleza atakavyowaunganisha wanafunzi wenzake na watafiti wa nyumbani atakuwa amejibu hasa alichoulizwa.

Rasimu ikishaandikwa, kila sentensi ipewe namba ya kazi inayoitimiza: moja kwa kujenga, mbili kwa kudumisha, tatu kwa mifano ya sasa, nne kwa baadaye. Sentensi isiyopata namba, hata ikiwa tamu kiasi gani, iondolewe, kwa sababu inakula nafasi kwenye idadi ya maneno iliyowekwa. Namba isiyo na sentensi ni pengo, na msomaji wa kamati ataliona.

Maneno ya maswali na ukomo wa urefu hubadilika kati ya msimu mmoja na mwingine. Swali la kufanyia kazi ni lile lililo kwenye fomu ya mwaka huu, si lile lililonakiliwa kwa rafiki aliyeomba zamani.