Kujifunza ususi katika saluni ndogo ya Vällingby: posho, hatua tatu na siku ya kumaliza

Kama unafanya usafi wa nyumba au kazi za ujenzi hapa Stockholm na unataka kujifunza ususi Jumamosi kwa dada mwenye saluni yake Vällingby, jambo la kwanza ni kusahau ule utaratibu wa nyumbani. Kule unaingia bure, au unamlipa fundi, halafu unakaa mpaka siku atakayosema umeiva. Siku hiyo haina tarehe, na mwanafunzi mzuri ndiye anayecheleweshwa zaidi, maana ndiye anayeleta hela.

Hapa Uswidi, ukimwoshea mteja nywele na mteja akalipa, umefanya kazi. Kinachoitwa posho ni mshahara, kwa hiyo kinakatwa kodi. Saluni za nywele zinatakiwa pia na sheria kuwa na daftari la waliopo kazini, personalliggare, linaloandikwa kila siku nani ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Watu wa kodi, Skatteverket, wanaweza kuingia bila taarifa. Ukiambiwa "wewe mwanafunzi tu, usijiandike", ujue hata ukidhulumiwa hutakuwa na ushahidi kwamba ulikuwepo. Na kama kibali chako kimefungwa kwa mwajiri mmoja, uliza Migrationsverket kabla hujaanza.

Tuchukue mfano wa Jumamosi 24, saa 8 kila siku, zikigawanywa hatua tatu za Jumamosi nane nane.

Hatua ya kwanza ni kuosha, kufumua, kuchana bila kukata nywele, na kugawa njia. Kipimo chake: ugawe kichwa kizima, njia zinyooke, na bosi asirudie hata moja, kwa wateja watatu mfululizo. Hatua ya pili ni kusuka mistari na kuunga rasta. Hapa kipimo si urembo peke yake. Mteja akiinua nyusi na kusikia maumivu, au vipele vidogo vikitokea pembeni mwa uso kesho yake, umevuta mno, na ukiendelea hivyo nywele za mbele zitang'oka. Hatua ya tatu ni kumhudumia mteja peke yako, tangu kumuuliza anachotaka, kumtajia bei, hadi kumaliza kwa muda mlioahidi.

Malipo yapande pamoja na hatua. Uswidi haina kima cha chini kilichowekwa na sheria. Viwango vinatoka kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi, na cha wasusi ni Handels. Basi uliza kama saluni imefungwa na mkataba huo. Kama imefungwa, fuateni viwango vyake. Kama haijafungwa, mnakubaliana. Tuseme krona 80 kwa saa hatua ya kwanza, 100 ya pili na 130 ya tatu. Jumla ni krona 19,840. Kwa kuwa hii ni kazi yako ya pembeni, kwa kawaida hukatwa asilimia 30, unabaki na 13,888. Mwezi wa kwanza wa Jumamosi nne utashika krona 1,792 tu, kwa hiyo usiahidi nyumbani kwa hesabu ya 2,560. Mkumbuke na bosi pia: juu ya malipo yako analipa mchango wa mwajiri wa asilimia 31.42, mbali na fedha ya likizo. Ndiyo maana naye anahitaji tarehe.

Siku ya kumaliza iandikwe kwenye karatasi kwa tarehe kamili. Jumamosi 24 zinakaa ndani ya miezi sita, ambayo ndiyo mwisho wa ajira ya majaribio kisheria. Asipotaka kuendelea na wewe, mwajiri anatakiwa kukuambia wiki mbili kabla. Miezi sita ikipita kimya, ajira inakuwa ya kudumu. Basi Jumamosi ya 22 kaeni mzungumze: unaajiriwa, au unaondoka na barua inayotaja kila hatua uliyopita. Kama kipimo kimoja kimebaki, bado zipo Jumamosi mbili za kukifanyia kazi, kwa malipo ya hatua ya tatu.

Na katikati utajuaje kama unadanganywa? Weka daftari lako dogo. Kila Jumamosi andika saa ulizofagia na kupokea simu, na saa ambazo mikono yako ilikuwa kwenye nywele. Kufagia ni sehemu ya kazi, hakuna ubaya. Lakini Jumamosi tatu zikifuatana ufagio ukiwa umezidi nywele, mfungulie bosi ule ukurasa na mwombe mteja wa wiki ijayo kwa hatua uliyopo. Akikataa tena, toka mapema, ukiwa na malipo ya saa zako zote.