Mada Moja, Dakika Themanini: Ninavyopanga Kipindi cha Marudio ya Hisabati Kabla ya Novemba

Matokeo ya mtihani wa utamilifu yakishabandikwa, kila mwalimu wa kidato cha nne hapa Sumbawanga huanza kugombea vipindi. Wengi wetu tukipewa dakika themanini tunaingia darasani na mtihani wa mwaka juzi, tunaanza swali la kwanza, na kengele inalia tukiwa la nne. Wanafunzi wameandika sana, lakini wameandika zaidi yale waliyokuwa wanayajua. Ninafundisha Hisabati katika shule ya kata, na nimeacha utaratibu huo. Siku hizi kipindi cha marudio nakijenga juu ya mada moja, na mada yenyewe naichagua kwa ushahidi wa makaratasi.

Anza na alama

Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una maswali kumi ya alama 6 katika sehemu A na maswali manne ya alama 10 katika sehemu B. Jumla ni alama 100. Mimi huchukua mitihani ya miaka mitano au sita ya karibuni yenye fomati hiyo, nikachora jedwali katika daftari: mada zinashuka upande wa kushoto, miaka inakwenda juu. Kila kipande cha swali, (a) au (b), nakiandikia alama zake mbele ya mada yake. Ninaandika alama wala sihesabu maswali, kwa sababu mada inaweza kutokea kila mwaka ikiwa na alama tatu tu, na nyingine ikatokea mara chache ikabeba nusu ya swali la sehemu B. Mitihani ya fomati ya zamani naiweka kando. Maswali yake bado yanafaa kwa mazoezi, ila uzito wa alama zake unapotosha.

Kisha nafungua ripoti za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazopatikana katika tovuti ya necta.go.tz. Kila somo lina ripoti yake, na nyuma kuna kiambatisho chenye mada na rangi: kijani kwa mada zilizofanywa vizuri, njano kwa wastani, nyekundu kwa mada ambazo watahiniwa waliopata alama za kutosha hawakufika asilimia 30. Katika Hisabati nyekundu ni nyingi. Hata hivyo uhondo wa ripoti hizi haumo katika rangi, umo katika zile picha za majibu halisi ya watahiniwa, jibu zuri na jibu baya, pamoja na maelezo ya wapi mtu alipotoka nje ya njia. Soma hizo kwanza.

Ripoti ni ya taifa, makosa ni ya darasa lako

Ripoti inakwambia watahiniwa wa nchi nzima wameanguka wapi. Haikwambii wa kwako wanaanguka kwa nini. Kwa hiyo narudi kwenye karatasi za mtihani wa utamilifu, na kwa kila mada nyekundu naweka kila mwanafunzi katika kundi moja kati ya matatu: asiyegusa swali kabisa, aliyeanza akakwama, na aliyefika mwisho akakosea hesabu. Kazi hii inachukua jioni moja au mbili kwa mkondo mmoja, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Kundi la kwanza likiwa kubwa mno, mada hiyo haijafundishwa au imesahaulika, na dakika themanini hazitaifufua. Kundi la tatu likiwa kubwa, tatizo ni mazoezi ya kutumia majedwali na kugawanya. Hilo ni la kazi ya nyumbani. Mada inayostahili kipindi chako ni ile yenye alama nzuri katika jedwali, nyekundu katika ripoti, na ambayo kundi la katikati ndilo kubwa. Hao wanajua pa kuanzia. Wanakwama mahali pamoja, na mahali hapo panaweza kuonyeshwa.

Kwa darasa langu, chaguo lilikuwa kati ya thibitisho za jiometri ya duara na mada ya Dunia kama Tufe. Zote zina alama za kutosha. Katika duara, karatasi nyingi zilikuwa tupu. Katika Dunia kama Tufe, wengi waliandika kanuni fulani wakaweka namba, na majibu yakawa ya kila aina. Mada hii hufundishwa kidato cha tatu, mara nyingi mwishoni mwa mwaka kwa haraka, kwa hiyo mpaka kidato cha nne kinachobaki kichwani ni nusu ya kanuni. Nikachagua Dunia.

Swali la kupimia

Kabla ya kufundisha chochote, naandika ubaoni swali hili kwa Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani. Miji A na B iko katika latitudo 60°N. A iko longitudo 20°W, B iko longitudo 40°E. Tafuta umbali kati yake kupitia latitudo hiyo, ukitumia π = 3.14 na R = 6400 km.

Njia sahihi ni hii. Mji mmoja uko magharibi ya Greenwich na mwingine mashariki, kwa hiyo nyuzi zinajumlishwa: 20 + 40 = 60. Duara la latitudo ni dogo kuliko la ikweta, kwa hiyo tunazidisha kwa cos 60°, ambayo ni 0.5:

```
d = (60/360) × 2 × 3.14 × 6400 × 0.5 = 3349 km
```

Nililichagua swali hili kwa sababu kila kosa lina jibu lake. Aliyesahau cos atapata 6699. Aliyetoa nyuzi badala ya kujumlisha atapata 1116. Aliyefanya makosa yote mawili atapata 2233. Napita kati ya madawati naangalia mstari wa mwisho tu, na kabla dakika kumi hazijaisha najua darasa limegawanyika vipi.

Usitumie swali la nyumbani kupimia. Sumbawanga na Utete ya Rufiji zote ziko karibu na 8°S, zikiachana kwa takriban nyuzi 7 za longitudo. Ni mfano mzuri wa kufundishia, wanafunzi wanaupenda. Lakini cos 8° ni 0.9903: ukiiweka unapata kilomita 774, ukiisahau unapata 782. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mwalimu anayesahihisha haraka atapitisha kosa, na mwanafunzi ataondoka akiamini yuko sawa.

Dakika themanini zilivyogawanyika

Dakika kumi za kwanza ni za swali hilo, kila mtu peke yake. Dakika kumi na tano zinazofuata ni za chungwa na kisu. Nalikata chungwa moja katikati kabisa, jingine karibu na kikonyo, naviweka vipande hivyo mbele ya darasa. Kila mtu anaona kwamba kipande cha juu kina mduara mdogo. Hapo cos inapata maana: ndiyo inayopunguza nusu kipenyo unapoiacha ikweta. Kisha nalipasua la tatu kutoka kikonyo hadi kitako, popote pale, na duara linabaki kubwa lilelile. Ndiyo maana kwenye longitudo moja hatuweki cos.

Dakika ishirini na tano ni za maswali mawili ambayo kila mwanafunzi lazima ajiulize kabla ya kuandika kanuni. Kwanza: miji hii inashirikiana latitudo au longitudo? Pili: iko upande mmoja au pande mbili? Tunafanya mifano mifupi, na nakataza kupiga hesabu. Wanataja tu "cos, jumlisha" au "hakuna cos, toa". Hesabu wanaiweza, uamuzi ndio uliokuwa unawashinda.

Dakika ishirini ni za swali halisi la mtihani uliopita, kimya, bila kuuliza jirani. Kumi za mwisho wanabadilishana karatasi na kusahihisha, kila mmoja akiandika kando ya kosa kama ni la cos au la kujumlisha na kutoa nyuzi.

Siku na wiki

Mtihani wa taifa huanza Novemba, nami huweka kipindi hiki mwanzoni mwa Oktoba. Ukikiweka wiki ya mwisho, hutakuwa na nafasi ya kupima kama kimeshika. Novemba pia ndiyo mvua zinapoanza Ufipa, na anayetembea kutoka kijiji cha mbali huanza kuchelewa.

Katika wiki, nachukua Jumanne, Jumatano au Alhamisi, vipindi viwili vya kwanza asubuhi. Shule nyingi za huku zina wanafunzi waliopanga vyumba karibu na shule. Ijumaa mawazo yao yako kijijini, maana wanakwenda kuchukua unga na maharage ya wiki, na Jumatatu wengine hawajafika. Ukiweka mada ngumu siku hizo, utakaowakosa ni walewale uliowapangia. Jumamosi inafaa kwa walio bweni tu. Ongea na mwalimu wa taaluma mapema na umpelekee jedwali lako. Mwalimu mwenye jedwali hupewa vipindi viwili mfululizo, mwenye maneno matupu huambiwa asubiri.

Kupima kama kimeshika

Baada ya wiki moja hivi, bila kutangaza, natoa swali moja la dakika kumi. Namba ni tofauti, na safari hii miji inashirikiana longitudo, mmoja kaskazini ya ikweta na mwingine kusini. Anayeweka cos hapo amekariri, hakuelewa. Wakiwa wachache, nawaita baada ya masomo na machungwa yangu. Wakiwa nusu ya darasa, mada inarudi kwenye ratiba na nyingine inasubiri.

Njia hii ina mipaka. Haimsaidii mwanafunzi asiyeelewa Kiingereza cha swali. Huyo anahitaji kusomeshwa maswali yenyewe, kazi ya muda mrefu zaidi. Na haiwezi kubeba mada nyingi. Kati ya mtihani wa utamilifu na Novemba, mwalimu mwenye mikondo miwili ataweza mada nne, tano akijitahidi. Zilizobaki ziache, hata kama moyo unauma.

Mwalimu mwenzangu, kama karatasi za mtihani wa utamilifu bado ziko kabatini, zitoe leo uzipange katika yale makundi matatu kabla hujaomba kipindi chochote.