Nguo tatu, na bado anatetemeka

SWALI: Mtoto wangu anasoma Montreal, Kanada. Ameandika kwamba theluji tuliyozoea kuiona kwa mbali juu ya Ruwenzori sasa anaikanyaga mlangoni. Anavaa fulana ya pamba, sweta na koti, lakini akisimama kungoja basi anatetemeka. Tumtumie sweta nyingine? — Mama, Butembo

JIBU: Hapana, Mama. Shida iko kwenye ile fulana. Anapotembea haraka kwenda kituoni anatoka jasho. Pamba inalinywa na kulishika. Akisimama, maji yale yanamnyonya joto mwilini. Dalili ni rahisi: akifika, apapase mgongo chini ya sweta. Ukiwa na unyevu, ndiyo sababu.

Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo. Kwa hiyo nguo ya ndani iwe ya sufu laini au poliesta, ibane mwili kidogo. Sweta ya sufu ifuate, isibanwe. Koti la nje lizuie upepo na theluji. Afungue zipu kabla jasho halijaanza, na aifunge akisimama.

Viatu navyo: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana hupunguza damu vidoleni. Bora moja nene ya sufu, vidole vikicheza. Vikifa ganzi na ngozi kupauka, aingie ndani, avitie kwenye maji ya vuguvugu, asivisugue. Ganzi isipoisha, aende hospitali.