Kasida ya Mahaba: Apendwaye ni Nani?

Mtu wa pwani aliyehamia Nairobi kwa kazi huweza kusikia mashairi ya mapenzi yakisomwa kwa adabu ya ibada. Katikati ya mji, karibu na Msikiti wa Jamia, huenda akasikia kasida ya Kiarabu. Katika nyumba za Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, kule Parklands na Westlands, huenda akasikia kawali ya Kiurdu. Na Kangemi au Kawangware, kasida ya Kiswahili yenye dufu. Maneno yote ni ya jamaa moja: jicho linalojeruhi, usiku usio na usingizi, mpenzi aliyesafiri. Mmoja katika wasikilizaji hutokwa na machozi, na mwenziwe humwuliza: Je, hii ina tofauti gani na nyimbo za harusini? Swali hili ni la haki, na jawabu lake lataka ushahidi.

Ushahidi ulio bora twaupata kwa mtu aliyeulizwa swali hilo hilo akiwa hai. Muhyiddin Ibn Arabi alizaliwa Mursia, katika nchi ya Andalusi, mwaka 560 wa Hijra (1165). Alipofika Makka mwaka 598 (1202) alisoma Hadithi kwa Sheikh Zahir bin Rustam wa Isfahani, imamu wa Makamu Ibrahim. Sheikh huyo alikuwa na binti aitwaye Nidhamu, mwenye elimu, ibada na ufasaha. Baadaye Ibn Arabi alitunga diwani yenye kasida 61, akaiita Tarjumanul Ashwaki, yaani Mfasiri wa Shauku. Katika dibaji yake hakumficha binti yule. Alisema kuwa kila jina alitajalo humo ni kwa kumkusudia yeye, na papo hapo akasema kuwa muradi wake daima ni kuashiria mambo ya Kimungu yanayoshuka moyoni, akamwomba msomaji asimdhanie vibaya.

Lakini alidhaniwa. Fakihi mmoja wa mji wa Halab, katika Sham, alikanusha kuwa mashairi yale yana siri yoyote ya dini. Akasema mtunzi ajisingizia maana hiyo ili kulinda jina lake la uchaji. Wanafunzi wawili wa Ibn Arabi walimwomba aandike sherehe, naye akaiandika mwaka 611 (1214 au 1215), ubeti kwa ubeti, na sehemu yake ikasomwa mbele ya mafakihi. Mtunzi mwenyewe asimulia kuwa yule mkanushaji alipoisikia alirejea katika kauli yake.

Na tutazame jinsi sherehe hiyo ifanyavyo kazi, kwa mfano mmoja. Katika kasida ya pili mshairi aeleza siku ya kuagana: ngamia watandikwa, na juu yao wapandishwa mabibi wazuri, aliowafananisha na tausi. Kwa dhahiri huu ni mtindo wa Waarabu wa zamani, ambao kasida zao zilianza kwa kulilia kambi iliyohamwa na msafara uliobeba wapenzi. Sherehe yasema kuwa ngamia ni amali za mja, za nje na za ndani, kwa sababu aya ya 10 ya Surat Fatir yatufundisha kuwa neno jema hupanda kwa Mwenyezi Mungu na kwamba amali njema huliinua. Mnyama abebaye mzigo wa safari amekuwa mfano wa amali ibebayo neno. Na tausi aliye juu yake ni roho ya amali hiyo, nayo ni nia. Kwani amali isiyo na nia ni kipando kisicho na mpandaji, haikubaliwi wala haina uzuri.

Msomaji aone kuwa tafsiri hii haikuokotwa njiani. Kati ya ngamia na amali pana kamba iliyofungwa kwa aya, na kati ya mpandaji na nia pana mfano uliotulia. Ndivyo afanyavyo pia katika majina ya wanawake. Hindu, jina la mwanamke, ni jina la Bara Hindi vile vile, nako ndiko aliposhukia Nabii Adam kwa riwaya mashuhuri. Basi Hindu yaashiria siri za kushuka kule. Lubna yakaribiana na neno la Kiarabu lubana, lenye maana ya haja. Mtu aweza kubishana naye kuhusu kila moja, lakini kamba aiona. Sherehe isiyo na kamba, igeuzayo kila neno kuwa Mungu kwa kupenda tu, yaweza kuutakasa hata wimbo wa ulevini, na kwa hiyo haithibitishi kitu.

Hata hivyo kamba ya mtunzi haimfungi msikilizaji. Jambo hili alilieleza Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), katika mlango wa kusikiliza uliomo ndani ya Ihyau Ulumiddin. Asema kuwa aliyetawaliwa na mapenzi ya Mwenyezi Mungu, akisikia weusi wa nywele hukumbuka giza la ukafiri. Akisikia weupe wa shavu hukumbuka nuru ya imani. Akisikia kukutana hukumbuka kukutana na Mola wake, na kutengana ni kuwekewa pazia mbali naye. Lakini kijana aliyetawaliwa na matamanio, sauti ile ile humpeleka kwa mtu anayemtamani, na kwake kusikiliza ni haramu. Shairi ni moja, na hukumu zimekuwa mbili.

Kwetu sisi wasemao Kiswahili shaka yazidi kwa sababu ya lugha yenyewe. Mwarabu akisema amependa, kitenzi na dhamiri humwonyesha kama anenewaye ni mume au mke. Sisi twasema "nampenda", nayo yafaa kwa mke, kwa mume, kwa Mtume na kwa Mola. Vitabu vya chapa huandika "Yeye" kwa herufi kubwa, lakini katika hati zetu za kale za herufi za Kiarabu hapana herufi kubwa, na sikioni haisikiki kabisa. Maneno yetu nayo yana nasaba mbili. Mahaba yatokana na mahabba, na asili yake, hubbu, imo katika Kurani: aya ya 54 ya Surat al-Maida yataja watu ambao Mwenyezi Mungu awapenda nao wampenda. Ashiki yatokana na ishki, neno lisilokuwamo katika Kurani, na wanavyuoni kadhaa walikataza litumiwe kwa Mwenyezi Mungu kwa kuwa lina harufu ya matamanio yaliyopita mpaka.

Basi mwenye kuletewa kasida na kuambiwa kuwa ni ya shauku ya Mola, na aulize mambo matatu. Je, mtunzi au wanafunzi wake wameacha ufunguo? Je, kila mfano una kamba katika aya, katika Hadithi au katika lugha? Na je, yeye mwenyewe, ikiisha kasida, shauku yake yamwelekeza wapi: kwenye mswala wake au kwenye dirisha la jirani? Maswali mawili ya kwanza aweza kujibiwa na mwalimu. La tatu hana wa kumjibia.

Wallahu aalamu.