Maneno ya kumpongeza mwenzako aliyepanda cheo

Umeambiwa useme machache kwenye tafrija ya mhasibu mwenzenu, aliyekuwa msaidizi na sasa ndiye mkuu wa kitengo. Kubadilisha "hongera" kuwa "heko" au "kongole" hakutakusaidia. Pongezi huchuja kwa sababu haisemi mtu kafanya nini.

Anza kwa kutafuta tukio moja. Waulize wawili waliokaa naye karibu: ni siku gani mliona huyu ndiye? Tuseme wanakukumbusha wiki ya wakaguzi, hati za malipo zilipokuwa zimetapakaa kwenye maboksi, naye akakaa na vijana wa mafunzo akizipanga mwezi kwa mwezi, bila kumfokea mtu. Hapo ndipo utakapopata neno lako. Kwa kuwa alisimama mbele ya wageni kwa niaba ya ofisi nzima, "ulitutoa kimasomaso" linamkaa sawasawa. Kama angekuwa ametumikia miaka mingi bila kelele, ungesema "jasho lako limeonekana".

Methali nayo iwe moja tu. "Mvumilivu hula mbivu" imechakaa, tena inadokeza kwamba alicheleweshwa, na aliyemchelewesha huenda ameketi meza ya mbele. "Chanda chema huvikwa pete" ni nzuri zaidi, maana inamsifu mtu kabla ya cheo. Ile ya "aliye juu mngoje chini" usiiguse hata kwa utani.

Jihadhari na maneno ya bahati. "Umeula" na "zali" hunoga kijiweni, lakini mbele ya mkurugenzi yanaifanya kazi ya mwenzenu ionekane kama bahati nasibu. "Amewashinda wengi" ni baya zaidi: hao walioshindwa wamo humo ukumbini, wameshika soda zao. (Na visa vya mkuu aliyeondoka viache, hata kama vinachekesha.)

Ukiunganisha tukio, neno na methali, yanatoka maneno ya nusu dakika hivi:

"Dada yetu, wiki ile ya wakaguzi sisi tulikuwa tunatafuta pa kujificha. Wewe ulivuta kiti, ukafungua boksi la kwanza, ukawaita vijana. Wageni walipouliza hati, ilitoka. Ulitutoa kimasomaso. Waliosema chanda chema huvikwa pete walikuwa wanakusema wewe. Hongera sana."

"Hongera" imebaki, ila imekuja mwisho, baada ya kuelezwa sababu yake. Hadithi ya wakaguzi mwonyeshe mwenyewe mapema, maana si kila mtu anapenda vurugu za ofisi zitajwe mbele ya wakubwa. Akisita, tafuta tukio jingine.

Siku yenyewe hakikisha kila mtu ana kinywaji kabla hujasimama, iwe soda au maji. Zungumza ukimtazama yeye. Ukifika kwenye "hongera" ndipo uwageukie wengine, uinue glasi na kutaja jina lake peke yake, wapate cha kuitikia kwa pamoja.